Nafuu ya Kodi kwa Riba ya Mkopo wa Nyumba: Je, Huongeza Wamiliki au Hupandisha Bei?

Katika nchi kadhaa, mtu anayelipa mkopo wa nyumba anayoishi huruhusiwa kuondoa riba aliyoilipa katika mapato yake kabla ya mapato hayo kutozwa kodi. Anayepata milioni moja na kulipa riba ya laki mbili huhesabiwa kana kwamba amepata laki nane tu. Utaratibu huu, ambao katika makala haya unaitwa kwa ufupi nafuu ya riba, hutetewa kwa hoja moja kuu: kwamba humwezesha mpangaji kuwa mwenye nyumba. Hoja inayopingana nayo ni kwamba nafuu hiyo haimwachii mnunuzi kitu, kwa kuwa muuza nyumba huipokea yote kupitia bei. Makala haya yanachunguza hoja hizo mbili kwa kuitazama zaidi Marekani, ambako nafuu hiyo ina historia ndefu, na Denmaki, ambako athari zake zimepimwa kwa makini. Uingereza na Kenya zimetajwa pale zinapotoa mwanga ambao nchi hizo mbili haziutoi.

Asili ya nafuu hii haihusiani na makazi. Marekani ilipoweka kodi ya mapato mwaka 1913, sheria iliruhusu riba ya kila aina ya deni iondolewe katika mapato. Wakati huo waliotozwa kodi hiyo walikuwa wachache sana, na deni lililofikiriwa zaidi lilikuwa deni la biashara. Kutenganisha riba ya biashara na riba ya matumizi ya nyumbani lilikuwa jambo gumu kwa wakulima na wenye maduka, hivyo zote ziliruhusiwa. Nafuu iliendelea kukua kimyakimya kadiri kodi ya mapato ilivyowafikia watu wengi na mikopo ya nyumba ilivyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 yaliondoa nafuu kwa riba ya mikopo ya magari na ya matumizi mengine, lakini riba ya nyumba ikaachwa. Hapo ndipo ilipobaki peke yake na kuanza kuelezwa kama sera ya makazi. Maelezo hayo, kwa hiyo, yalikuja zaidi ya miaka sabini baada ya jambo lenyewe.

Kihesabu, nafuu hii ina kasoro moja ambayo mara nyingi husahaulika. Mwenye nyumba ya kupangisha huruhusiwa kuondoa riba kwa sababu pango analolipokea hutozwa kodi, na riba ni gharama ya kulipata pango hilo. Mtu anayeishi katika nyumba yake pia hupata manufaa yanayolingana na pango, kwani analala bure katika nyumba ambayo angeweza kuipangisha, lakini Marekani haiyatozi kodi manufaa hayo. Anaruhusiwa basi kuondoa gharama ya kupata kitu kisichotozwa kodi. Denmaki kwa miaka mingi ilitoza kodi thamani hiyo ya kuishi katika nyumba yako, na Uholanzi bado inaitoza. Katika nchi za namna hiyo nafuu ya riba ina mantiki fulani ya kikodi. Marekani haina mantiki hiyo, hivyo lazima nafuu ihukumiwe kwa kipimo cha makazi pekee.

Nani hupata nafuu

Kipimo hicho huanza kwa kuuliza fedha humfikia nani. Mlipa kodi wa Marekani huchagua kati ya njia mbili anapojaza ritani yake. Ya kwanza ni punguzo la jumla, yaani kiasi kimoja kilichowekwa na sheria ambacho kila mtu anaweza kukiondoa katika mapato bila kueleza lolote. Ya pili ni kuorodhesha matumizi yanayokubaliwa, kama vile riba ya nyumba, kodi za jimbo na za mji, na sadaka, kisha kuondoa jumla yake. Mtu hawezi kutumia njia zote mbili. Riba ya nyumba humfaa tu yule ambaye orodha yake inazidi punguzo la jumla, na humfaa kwa kile kiasi kinachozidi.

Ichukuliwe familia ya mume na mke waliokuwa wakinunua nyumba yao ya kwanza mwaka 2017. Nyumba ina thamani ya dola 250,000, wametoa malipo ya awali ya dola 50,000, na wamekopa dola 200,000 kwa riba ya asilimia 4. Riba ya mwaka wa kwanza inakaribia dola 8,000. Wakiongeza kodi za jimbo na mji za dola 3,500 na sadaka ya dola 500, orodha yao inafika dola 12,000. Punguzo la jumla kwa wanandoa mwaka huo lilikuwa dola 12,700. Familia hiyo ingechagua punguzo la jumla, na riba yao isingewapatia hata senti moja. Nafuu iliyotungiwa hoja kwa ajili yao haikuwagusa.

Familia ya pili ina mapato ya dola 400,000 kwa mwaka. Imekopa dola 900,000 kwa riba ileile ya asilimia 4, hivyo inalipa riba ya dola 36,000, na kodi zake za jimbo na mji ni dola 30,000. Kodi hizo pekee zimekwisha kuvuka punguzo la jumla, kwa hiyo kila dola ya riba inapunguza mapato yanayotozwa kodi. Kanuni nyingine ndogondogo zikiwekwa kando, kiwango cha kodi kwa dola za juu za familia hiyo kilikuwa asilimia 33. Nafuu yake ni dola 11,880 kwa mwaka. Familia hiyo ingenunua nyumba kwa vyovyote vile. Nafuu haikuwa sababu ya wao kuacha kupanga, bali pengine ilikuwa sababu ya kukopa 900,000 badala ya 700,000.

Mifano hii miwili inaonesha kanuni tatu zinazofanya kazi pamoja. Nafuu huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa deni, huongezeka kwa kadiri ya kiwango cha kodi, na huanza tu baada ya kizingiti cha punguzo la jumla. Zote tatu humpendelea mwenye kipato kikubwa. Mtu aliye ukingoni kati ya kupanga na kumiliki, ambaye ndiye pekee anayeweza kuongeza idadi ya wamiliki, kwa kawaida ana deni dogo, kiwango cha chini cha kodi na orodha fupi.

Jinsi nafuu inavyoingia katika bei

Hata kwa yule anayeipata, kuna swali kama nafuu inabaki mkononi mwake. Mnunuzi wa nyumba hapangi bajeti yake kwa bei iliyotajwa; huipanga kwa kile atakacholipa kila mwezi au kila mwaka. Ichukuliwe kwamba mnunuzi anaweza kubeba gharama ya riba ya dola 24,000 kwa mwaka, na kwa urahisi wa hesabu marejesho ya deni lenyewe yaachwe pembeni. Kwa riba ya asilimia 4, bila nafuu yoyote, anaweza kukopa dola 600,000. Akipewa nafuu kwa kiwango cha kodi cha asilimia 33, riba inayomwumiza kwa kweli si asilimia 4 bali asilimia 2.68. Kwa gharama ileile ya dola 24,000 sasa anaweza kukopa takriban dola 895,000.

Kama angekuwa peke yake mwenye nafuu, angekuwa ametajirika. Lakini anashindana na wanunuzi wengine wenye nafuu hiyohiyo, na wote wanaitazama nyumba moja katika mtaa ambao hauwezi kuongezewa nyumba. Kila mmoja anaweza kupandisha dau. Shindano halikomi mpaka faida ya nafuu imemalizika, na tofauti imekwenda kwa muuzaji, ambaye huenda alinunua miaka thelathini iliyopita na hahitaji msaada wa kumiliki nyumba. Mnunuzi analipa kila mwezi kile ambacho angelilipa bila nafuu, ila sasa ana deni kubwa zaidi.

Kisha kuna malipo ya awali. Benki hutaka mnunuzi atoe sehemu ya bei kutoka mfukoni mwake, na sehemu ya tano ni kiwango cha kawaida. Tuseme katika mtaa huo bei imepanda kutoka dola 600,000 hadi 895,000: malipo ya awali yamepanda kutoka dola 120,000 hadi 179,000. Nafuu ya riba haisaidii chochote katika malipo hayo, kwa kuwa hutolewa kwa mtu ambaye tayari ana deni la nyumba. Mpangaji kijana ambaye kikwazo chake ni akiba, wala si mshahara, amesogezewa mlango mbali zaidi. Hapa ndipo sera inapoweza kufanya kinyume cha jina lake.

Hesabu hiyo ni ya mpaka wa juu, na haipaswi kusomwa kama utabiri. Si wanunuzi wote wenye kiwango cha asilimia 33. Wengine hawaorodheshi matumizi, wengine hulipa taslimu, na wote hurejesha deni pamoja na riba. Zaidi ya hayo, kuna jambo moja linaloweza kuibatilisha hesabu nzima, nalo ni ujenzi. Pembezoni mwa Houston, ambako ardhi ni nyingi na vibali vya ujenzi hupatikana kwa urahisi kuliko katika miji mingi mikubwa ya Marekani, bei ikipanda juu ya gharama ya kujenga, mjenzi hujenga nyumba nyingine na bei hurudi. Huko nafuu haiwezi kuganda katika bei kwa muda mrefu; hugeuka kuwa vyumba zaidi na viwanja vikubwa zaidi. San Francisco na Boston hali ni tofauti. Bahari, milima na hasa kanuni za matumizi ya ardhi huzuia nyumba mpya, hivyo fedha za ziada zinazoletwa na wanunuzi huishia kuongeza thamani ya ardhi iliyopo.

Kutokana na tofauti hiyo, swali la jumla kuhusu nafuu ya riba na bei za nyumba haliwezi kujibiwa kwa neno moja kwa nchi nzima. Christian Hilber na Tracy Turner (2014) walilishughulikia kwa namna inayofaa: walifuatilia kaya za Marekani kwa zaidi ya miaka ishirini na kuzigawa kwa kipato na kwa ukali wa kanuni za ardhi mahali zinapoishi. Waligundua kwamba nafuu iliongeza uwezekano wa kumiliki nyumba kwa kaya zenye kipato cha juu katika maeneo yenye kanuni legevu tu. Katika maeneo yenye kanuni kali, ilipunguza uwezekano huo. Athari hizo mbili zilipojumlishwa zilifutana, na kwa Marekani kwa ujumla hakukubaki ongezeko la maana. Edward Glaeser na Jesse Shapiro (2003) walikuwa wamekwisha kufika karibu na hapo kwa njia rahisi zaidi, kwa kuonesha kwamba thamani ya nafuu ilipanda na kushuka sana kwa miongo mingi pamoja na mfumuko wa bei na viwango vya kodi, ilhali kiwango cha umiliki hakikuifuata.

Ushahidi wa Denmaki

Tafiti za Marekani zina udhaifu mmoja. Kwa kuwa nafuu ilitolewa kwa wote kwa wakati mmoja, ni vigumu kujua watu wangefanya nini bila nafuu hiyo. Denmaki ilitoa nafasi bora zaidi. Kabla ya mwaka 1987, Mdenmaki aliyekuwa katika ngazi ya juu ya kodi aliondolewa takriban senti 73 za kodi kwa kila krona ya riba aliyolipa, yaani serikali ilimlipia karibu robo tatu ya riba yake. Mageuzi yaliyoanza mwaka huo yaliishusha thamani hiyo hadi takriban nusu. Waliokuwa ngazi ya kati walipunguziwa kidogo, na wa ngazi ya chini karibu hawakuguswa. Watu wa nchi moja, wakikopa katika benki zilezile, walipatwa na mabadiliko tofauti kabisa, na rejesta za serikali zilihifadhi nyumba, deni na mapato ya kila kaya.

Jonathan Gruber, Amalie Jensen na Henrik Kleven waliyafuatilia makundi hayo kwa miaka mingi baada ya mageuzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Walichokitafuta ni kama wenye kipato cha juu wangeanza kuacha umiliki na kurudi katika kupanga, ikilinganishwa na wale ambao hawakuguswa. Hilo halikutokea. Athari kwa umiliki ilikuwa sifuri, na sifuri hiyo haikutokana na uchache wa takwimu bali ilipimwa kwa usahihi mkubwa. Kilichobadilika ni aina ya nyumba: walionyang'anywa sehemu ya nafuu walinunua nyumba ndogo zaidi na za thamani ya chini kuliko ambavyo wangefanya. Kilichobadilika zaidi ya vyote ni deni, ambalo lilipungua kwa wazi. Kwa maneno mengine, nafuu ilikuwa imewafanya watu waliokuwa tayari wamiliki wakope zaidi na wajipatie nafasi kubwa zaidi.

Matokeo haya yananukuliwa sana, na mara nyingine hunukuliwa kupita mipaka yake. Utafiti huo ulilinganisha makundi yaliyokuwa katika soko moja la nyumba. Ikiwa mageuzi yalishusha bei za nyumba zote za nchi, basi yalizishusha kwa makundi yote, na mlinganisho wa kundi na kundi hauwezi kuliona jambo hilo. Kwa hiyo utafiti wa Denmaki unasema mengi kuhusu umiliki na ukubwa wa nyumba, lakini hausemi kiasi gani cha nafuu kiliingia katika kiwango cha jumla cha bei. Pia sifuri yake inawahusu wenye kipato cha juu na cha kati, kwa kuwa hao ndio waliopoteza nafuu. Kwa wenye kipato cha chini mageuzi hayo hayakuwa jaribio. Msomaji akiziweka pamoja tafiti hizi mbili, ya Hilber na Turner kwa upande wa bei na ya Denmaki kwa upande wa umiliki, anapata picha ambayo hakuna mmoja wao angeitoa peke yake.

Baada ya mwaka 2017

Marekani yenyewe ilifanya jaribio lisilokusudiwa. Sheria ya kodi iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2017 haikufuta nafuu ya riba, lakini iliinua punguzo la jumla kwa wanandoa kutoka dola 12,700 hadi dola 24,000, ikaweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za jimbo na mji, na ikashusha deni linalohesabiwa kwa mikopo mipya kutoka dola milioni 1 hadi dola 750,000. Watu waliokuwa wakiorodhesha matumizi walishuka kutoka takriban asilimia 30 ya walipa kodi hadi takriban asilimia 10.

Turudi kwa familia ya pili, na tuichukulie kwamba imekopa chini ya sheria mpya. Riba inayohesabiwa sasa ni ya dola 750,000 tu, yaani dola 30,000. Kodi za jimbo zimekatwa zikawa dola 10,000. Orodha yao ni dola 40,000, na inazidi punguzo la jumla kwa dola 16,000. Kwa kiwango kipya cha asilimia 32, nafuu halisi inayotokana na riba ni dola 5,120. Imepungua kwa zaidi ya nusu, ingawa katika vitabu vya sheria nafuu bado ipo. Familia ya kwanza, ambayo haikuwa ikipata kitu, iko mbali zaidi na kizingiti.

Kama nafuu ingekuwa nguzo ya umiliki, mamilioni ya kaya kuipoteza kwa mwaka mmoja kungeonekana. Kiwango cha umiliki kilikuwa karibu asilimia 64 mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka 2019 kilikuwa juu kidogo ya hapo. Ushahidi huu peke yake si mzito, kwa sababu riba za soko zilishuka mwaka 2019 na mishahara ilikuwa ikipanda, na yote mawili huwasaidia wanunuzi. Hata hivyo haukuonesha pengo ambalo watetezi wa nafuu walilitarajia. Kanada nayo, ambayo haitoi nafuu ya riba kwa nyumba ya kuishi, ilikuwa na umiliki wa asilimia 66.5 katika sensa ya mwaka 2021. Sheria iliyofuata ya mwaka 2025 ilikifanya kikomo cha dola 750,000 kuwa cha kudumu, hivyo hali iliyoanza kama ya muda imebaki.

Ugumu wa kuiondoa

Iwapo nafuu haiongezi wamiliki, yapo maswali ya haki kuhusu namna ya kuiondoa. Ikiwa imeingia katika bei, basi aliyenunua mwaka jana San Francisco alikwisha kuilipia kwa kumpa muuzaji bei ya juu. Nafuu ikifutwa kesho, nyumba yake inashuka thamani ilhali deni lake halishuki. Muuzaji aliyefaidika hayupo tena katika hesabu. Wanaoumizwa na ufutaji, kwa hiyo, si wale waliofaidi nafuu bali ni wale wa mwisho kuinunua, na wengi wao ni vijana. Kamila Sommer na Paul Sullivan (2018), kwa kutumia mfano wa kihesabu wa soko la Marekani, walionesha kwamba ufutaji ungeshusha bei na kuongeza idadi ya wamiliki, kwa sababu malipo ya awali yangekuwa madogo. Lakini faida hiyo inawahusu wanunuzi wajao, ambao bado hawana nyumba ya kuitetea kwa kura zao.

Uingereza ilifundisha jambo hili kwa njia mbili, moja mbaya na moja nzuri. Katika bajeti ya Machi 1988, waziri wa fedha Nigel Lawson alitangaza kwamba kuanzia Agosti mwaka huo kikomo cha nafuu, pauni 30,000 za deni, kingehesabiwa kwa nyumba badala ya kwa mtu. Hadi wakati huo watu wawili wasiooana waliweza kununua nyumba moja na kila mmoja akadai nafuu ya pauni 30,000. Tangazo hilo liliwapa watu miezi minne ya kuiwahi nafuu, nao wakakimbilia sokoni. Bei zilipanda kwa kasi mwaka huo, kisha zikaanguka katika miaka iliyofuata, riba za benki zilipofika asilimia 15 mwaka 1989. Riba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya lawama ya anguko hilo, lakini miezi ile minne iliwaingiza wengi sokoni katika kilele.

Njia nzuri ilikuwa ya polepole. Kikomo cha pauni 30,000 hakikupandishwa tangu mwaka 1983, na mfumuko wa bei ukakila mwaka hadi mwaka. Mwaka 1991 nafuu ilifungwa katika kiwango cha chini cha kodi, mwaka 1994 ikawa asilimia 20, mwaka 1995 asilimia 15, mwaka 1998 asilimia 10, na Aprili 2000 ikafutwa. Kila hatua ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakukuwa na mwaka mmoja ambao wanunuzi walibeba hasara yote. Umiliki nchini humo uliendelea kupanda kwa miaka kadhaa baada ya kufutwa.

Kikomo cha Kenya

Kenya hutoa nafuu ya aina hii, na umbo lake linastahili kutazamwa kwa kuwa linatofautiana na la Marekani. Riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mkopaji huondolewa katika mapato yake hadi kikomo cha mwaka, ambacho kilikuwa shilingi 150,000, kikapandishwa kuwa 300,000 mwaka 2017, na mwishoni mwa Desemba 2024 kikawa 360,000. Mshahara wa mwajiriwa wa kawaida anayeweza kukopa nyumba hutozwa asilimia 30 katika ngazi yake ya juu. Nafuu kubwa kabisa anayoweza kuipata ni shilingi 108,000 kwa mwaka, au 9,000 kwa mwezi.

Ichukuliwe riba ya benki ya asilimia 14. Kikomo kinafikiwa kwa deni la takriban shilingi milioni 2.57. Anayekopa milioni 8 hulipa riba ya shilingi 1,120,000 mwaka wa kwanza, na nafuu yake ni chini kidogo ya sehemu ya kumi ya riba hiyo. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba akiongeza deni kutoka milioni 8 hadi 9, nafuu yake haiongezeki hata shilingi moja. Serikali haimlipii kukopa zaidi. Nguvu iliyowafanya Wadenmaki wa ngazi ya juu wajaze deni haipo hapa, wala ile iliyomsukuma mnunuzi katika mfano wa Marekani kupandisha dau kwa theluthi nzima na zaidi. Kikomo cha shilingi, kinapokuwa chini ya deni la kawaida, hugeuza nafuu kuwa zawadi ya kiasi kimoja.

Zawadi hiyo, hata hivyo, huwafikia wachache. Mikopo ya nyumba ya benki nchini Kenya ni takriban 30,000 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Walio wengi hununua kiwanja kwa akiba, kwa mkopo wa chama cha ushirika au kwa msaada wa jamaa, kisha hujenga chumba baada ya chumba kwa miaka. Kwa hiyo bei ya kiwanja pembezoni mwa Nairobi huwekwa zaidi na watu wenye fedha taslimu kuliko na wenye nafuu ya riba, na kupandisha kikomo kutoka 300,000 hadi 360,000 hakuwezi kuwa sababu kubwa ya kupanda kwa bei hiyo. Mahali ambapo athari inaweza kutafutwa ni katika majengo ya ghorofa yanayouzwa kwa mpango wa benki, ambako karibu kila mnunuzi ana mkopo na muuzaji anajua hivyo. Dalili yake ingekuwa bei ya tangazo kupanda katika miezi inayofuata kila ongezeko la kikomo, kwa kiasi kisichozidi deni ambalo shilingi 9,000 kwa mwezi zinaweza kulihudumia, huku pango la nyumba za namna hiyohiyo likibaki lilipokuwa. Pango likipanda pamoja na bei, sababu itakuwa nyingine, kwa kuwa mpangaji hana riba ya kuondoa katika mapato yake.